Kusoma Nusu Nyumbani, Nusu Ughaibuni: Cheti Kitatoka Wapi?

Ukipita kwenye mabanda ya maonesho ya vyuo vikuu pale Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, si ajabu kukutana na bango linaloahidi miaka miwili ya masomo hapa nchini na mwaka wa tatu Uingereza, India au Malaysia. Mzazi anauliza ada, anauliza mabweni, anauliza baridi ya huko. Swali ambalo mara nyingi halimjii ni lile linaloamua mengine yote: mtoto atasajiliwa na chuo gani, na nani atatia saini cheti chake?

Mkanganyiko huu hauwapati wazazi peke yao. Mhadhiri msaidizi anapata ufadhili wa kwenda Uingereza mwaka mmoja, na mtaani habari inaenea kwamba amepata uzamivu wa Uingereza, kumbe shahada itatolewa na chuo chake kilekile cha nyumbani. Mwingine anakaa Morogoro muda mwingi wa masomo yake, watu wanadhani anasoma Morogoro, kumbe siku ya mwisho atatunukiwa Uholanzi. Wote wawili wamesoma huku na huku. Tofauti yao haionekani kwenye tiketi ya ndege.

Tuanze na majina, kwa sababu vyuo vyenyewe huyachanganya kwenye matangazo.

Programu pacha ni mpango ambao chuo cha nyumbani kinafundisha sehemu ya kwanza ya shahada kwa mtaala wa chuo cha nje, au kwa mtaala ambao chuo cha nje kimekubali kuwa unalingana na wake. Mwanafunzi akifaulu anavuka kwenda kumalizia huko, na kwa kawaida cheti ni cha chuo cha nje. Shahada ya pamoja ni kitu kingine. Hapo vyuo viwili au zaidi vimekaa vikaandaa programu moja, vinafundisha kwa kugawana, na mwishoni vinatoa shahada moja yenye nembo na saini za vyote. Ikiwa kila chuo kinatoa cheti chake kwa programu hiyohiyo, tunaiita shahada maradufu. Halafu kuna masomo ya vituo viwili, ambayo wengi huyaita sandwichi, na yamezoeleka zaidi kwenye uzamivu: umesajiliwa na chuo kimoja tu, lakini kazi yako unaifanyia sehemu mbili.

Fikiria harusi ambayo binti ameagwa kwao Moshi na sherehe kubwa ikafanyika Dar. Kumbi ni mbili, wapishi ni wawili, wageni tofauti, na kila upande utasema harusi ilikuwa kwake. Cheti cha ndoa hakijali pilau lililiwa wapi. Kinataja aliyefungisha ndoa na mamlaka aliyokuwa nayo. Shahada iko hivyohivyo: mahali uliposoma ni jambo moja, chuo kinachokutunuku ni jambo lingine, na hayo mawili yakigongana, mwajiri na serikali watafuata la pili.

Mbili kujumlisha moja, na hesabu yake

Nchi iliyotumia programu pacha kwa wingi na mapema ni Malaysia, na kisa chake kinaeleza kwa nini mpango huu upo. Mwaka 1980 Uingereza ilianza kuwatoza wanafunzi wa kigeni ada kamili isiyo na ruzuku. Malaysia ilikuwa na vijana wengi huko, na familia zikajikuta haziwezi tena kulipia miaka mitatu. Katika miaka ya 1980 vyuo binafsi vya Kuala Lumpur na maeneo ya jirani vikaanza kufundisha mwaka mmoja au miwili ya kwanza ya shahada za Uingereza na Australia, mwanafunzi akasafiri kumalizia tu. Wenyewe wakaandika moja kujumlisha mbili, au mbili kujumlisha moja. Mwaka 1997 msukosuko wa fedha wa Asia ukaishusha vibaya thamani ya ringiti, na hata ule mwaka mmoja wa nje ukawa mzigo. Hapo ndipo ulipopata nguvu mpango wa tatu kujumlisha sifuri: unasoma miaka yote mitatu Malaysia, hupandi ndege, na cheti ni cha chuo cha Uingereza au Australia.

Nimeeleza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba kiini cha programu pacha ni fedha. Miaka ya nyumbani unailipia kwa shilingi na unaishi kwenu. Miaka ya nje unailipia kwa pauni au dola, pamoja na chumba, chakula, bima na viza. Kwa hiyo kila muhula unaohama kutoka upande wa nyumbani kwenda upande wa nje unaipiga familia mfukoni moja kwa moja. Na mihula huhama. Huhama kwa sababu ya krediti.

Krediti ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi: saa za darasani, maabara, kusoma mwenyewe na mitihani. Tanzania, katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), krediti moja ni saa 10, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Uingereza nayo inahesabu saa 10 kwa krediti na 360 kwa shahada. Kwa macho ya haraka mambo ni rahisi: miaka miwili nyumbani ni 240, mwaka mmoja nje ni 120, jumla 360, kwisha.

Sasa tuchukue mwanafunzi wa kompyuta aliyemaliza miaka yake miwili na krediti 240 mkononi. Chuo kinachompokea hakihesabu jumla. Kinafungua somo mojamoja na kuuliza kama lina mwenzake kwenye mtaala wake, na kama limefundishwa kwa kiwango kinacholingana. Kinakuta kwamba krediti 20 ni za stadi za mawasiliano na taaluma za maendeleo, masomo ambayo vyuo vyetu huyaweka kwa kila mwanafunzi lakini kwenye mtaala wao hayana nafasi. Kinakuta pia kwamba somo la kanzidata, krediti nyingine 20, alilisoma mwaka wa pili lakini maudhui yake ni ya kiwango cha mwaka wa kwanza kwao. Krediti 40 zinaanguka, zinabaki 200. Wa kuingia mwaka wa tatu lazima awe na 240.

Arobaini ni theluthi ya mwaka. Kama makubaliano ya vyuo hivyo viwili yaliandaliwa vizuri, yatakuwa na dawa yake: masomo ya kujazia, yanayofundishwa nyumbani wakati wa likizo kabla ya safari, kwa ada ya nyumbani. Kama hayakuandaliwa, chuo cha nje kitampa nafasi ya mwaka wa pili. Mbili kujumlisha moja imegeuka mbili kujumlisha mbili, na gharama ya ughaibuni imeongezeka mara mbili, ilhali kila mtu alifaulu na hakuna aliyedanganya.

Ndiyo maana karatasi yenye thamani kuliko zote katika programu pacha ni jedwali la ulinganisho wa masomo. Upande mmoja yameandikwa masomo ya chuo cha nyumbani kwa namba zake, upande wa pili masomo ya chuo cha nje yanayolingana nayo, na chini kuna saini za pande zote mbili na mwaka wa masomo ambao jedwali linahusu. Mwaka nao uangaliwe, kwa sababu mitaala hubadilika na jedwali la miaka mitano iliyopita linaweza kuwa halina kazi. Chuo chenye programu ya kweli kitakuonyesha jedwali hilo siku hiyohiyo. Kinachokuambia kwamba mambo hayo yatashughulikiwa utakapofika mwaka wa pili hakina programu pacha. Kina matumaini tu.

Kuna jambo lingine linalofanana na programu pacha bila kuwa programu pacha, nalo ni makubaliano ya kupokelewa. Hapa chuo cha nje kinasema kwamba wahitimu wa stashahada au wa mwaka wa pili wa chuo fulani wanaweza kuomba nafasi na watafikiriwa. Kufikiriwa si kupokelewa. Kwenye programu pacha ya kweli, masharti ya kuvuka yameandikwa tangu mwanzo, kwa mfano wastani wa alama fulani na kiwango fulani cha Kiingereza, na anayeyatimiza anavuka. Soma masharti hayo kwa utulivu, kwa maana alama ya kufaulu somo nyumbani inaweza kuwa 40 huku alama ya kuvuka ni 55 au 60. Mwanafunzi anaweza kufaulu kila mtihani na bado akabaki.

Jambo la mwisho kuhusu programu hizi hujulikana kwa kuchelewa, mara nyingi wakati alama za mwisho zinatoka. Kama umesajiliwa na chuo cha nje tangu mwaka wa kwanza, alama ulizopata nyumbani zinaweza kuingia kwenye daraja lako la mwisho. Kama ulisajiliwa na chuo cha nyumbani kisha ukahamia, katika vyuo vingi vya Uingereza zinahama krediti tu, alama zinabaki ulikotoka. Daraja la shahada yako linapimwa kwa mwaka ule mmoja, mwaka ambao ndio kwanza unajifunza kutumia maktaba yao, kuandika insha kwa namna yao na kuvumilia giza la saa kumi alasiri mwezi Desemba. Kwa aliyefanya vibaya nyumbani huo ni mwanzo mpya. Kwa aliyeongoza darasa lake ni hatari, na anastahili kujua kabla hajafunga mizigo.

Uzamivu wa sandwichi: safari moja, vyeti vitatu tofauti

Kwenye uzamivu ndiko mkanganyiko ulikokomaa. Nitaeleza mipango mitatu ambayo kwa macho inafanana, kila mmoja ukiwa na mtafiti anayekusanya data nyumbani na kwenda Ulaya kwa muda.

Wa kwanza ni ufadhili wa vituo viwili wa Tume ya Ufadhili ya Jumuiya ya Madola ya Uingereza. Umewekwa kwa ajili ya watu ambao tayari wanasoma uzamivu katika vyuo vya nchi zao, na Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda zimo. Unalipiwa jumla ya miezi 12 katika chuo cha Uingereza, ambayo unaweza kukaa kwa mfululizo au kuigawa kulingana na mpango wa utafiti wako, na unakuwa na msimamizi nyumbani na mwingine Uingereza. Shahada inatolewa na chuo cha nyumbani. Kwa hiyo mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma aliyekaa mwaka mzima Leeds atavaa joho la Dodoma na atakuwa na uzamivu wa Dodoma. Hakuna upungufu wowote hapo, maana amepata maabara, maktaba na msimamizi wa pili. Lakini akiandika kwenye wasifu wake kwamba ana uzamivu wa Leeds, ameandika uongo, hata kama amejidanganya mwenyewe kwanza. Kutokana na hilo pia, hawezi kuomba ile viza ya Uingereza inayowaruhusu wahitimu kubaki na kufanya kazi, kwa sababu inataka uwe umehitimu katika chuo cha Uingereza.

Wa pili ni uzamivu wa sandwichi wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, unaofahamika sana kwa watu wa kilimo, mifugo na mazingira. Mpangilio wake wa kawaida ni miezi 6 ya mwanzo Wageningen kwa masomo na kuandika pendekezo la utafiti, kisha miaka kama miwili na nusu nyumbani kwa kazi ya uwandani, kisha takribani miezi 12 ya mwisho Wageningen kwa kuandika na kutetea tasnifu. Ukihesabu, muda mwingi unaupitisha nyumbani, na pengine hata mshahara wako unaendelea kutoka kwa mwajiri wa nyumbani. Shahada ni ya Wageningen.

Linganisha hao wawili. Mmoja amekaa Ulaya miezi 12, mwingine 18. Wa kwanza ana shahada ya nyumbani, wa pili ana ya Uholanzi. Hawatofautishwi na miezi sita bali na mahali walipojisajili.

Wa tatu ni mkataba wa usimamizi wa pamoja, uliowekewa taratibu rasmi Ufaransa mwaka 1994 na sasa umeenea nchi nyingi. Hapa mtafiti anasajiliwa na vyuo vyote viwili kwa wakati mmoja. Kunakuwa na mkataba wa mtu mmoja, yaani unaoandikwa kwa jina lake, ukitaja wasimamizi wawili, ada italipwa wapi na isamehewe wapi, tasnifu itaandikwa kwa lugha gani, na itatetewa wapi. Utetezi ni mmoja. Baada yake vyuo hutoa ama cheti kimoja cha pamoja ama kila kimoja cheti chake, kikieleza kwamba uzamivu huo umepatikana kwa usimamizi wa pamoja na chuo kingine. Mkataba huu hutakiwa mapema, kwa kawaida ndani ya mwaka wa kwanza, na hauandikwi kinyumenyume. Ukifika mwaka wa tatu ndipo ukapata profesa rafiki Lyon, utakuwa na msimamizi mwenza lakini hutakuwa na cheti cha Lyon.

Imani iliyozoeleka hapa ni kwamba vyeti viwili ni uzamivu mara mbili. Siyo. Tasnifu ni moja, utetezi ni mmoja, shahada ni moja iliyothibitishwa na vyuo viwili. Vivyo hivyo kwa uzamili wa Erasmus Mundus, mpango wa Umoja wa Ulaya ulioanza mwaka 2004 ambao vijana wengi wa Afrika Mashariki wameupitia. Mwanafunzi anasoma katika nchi zisizopungua mbili, mara nyingi kwa miaka miwili yenye krediti 120 za Ulaya, na mwenye ufadhili katika awamu ya 2021 hadi 2027 anapata euro 1,400 kwa mwezi. Mwishoni wengine hupata cheti kimoja cha pamoja na wengine vyeti viwili au vitatu. Sababu yake ni ya kisheria tu: sheria za baadhi ya nchi haziruhusu chuo chao kutia saini cheti kimoja na chuo cha nje. Mwenye vyeti vitatu hakusoma zaidi ya mwenye kimoja. Krediti ni zilezile 120.

Krediti za Ulaya pia zisichanganywe na zetu. Mwaka mmoja wa Ulaya ni krediti 60, na moja ina saa 25 hadi 30. Aliyerudi na krediti 120 za Ulaya amefanya kazi ya miaka miwili kamili, na asikubali mtu amwambie kwamba ana krediti za mwaka mmoja.

Turudi kwenye sandwichi, maana kuna mahali inapoharibika na mahali penyewe panajulikana. Ni pale katikati, unaporudi nyumbani. Umetoka Ulaya ukiwa na pendekezo zuri na ratiba ya uwandani. Idara inakuona umerudi, na Jumatatu inayofuata jina lako lipo kwenye ratiba ya kufundisha: darasa la wanafunzi 300, mitihani ya kusahihisha, na wanafunzi wa shahada ya kwanza wa kusimamia. Mwaka unapita. Msimamizi wa Ulaya anauliza data, msimamizi wa nyumbani ndiye mkuu wa idara aliyekupangia vipindi. Wanaosalimika mara nyingi ni wale ambao barua ya mwajiri, kabla ya kuondoka, ilitamka wazi kwamba miezi ya nyumbani nayo ni ya masomo, ikataja na idadi ya vipindi wasivyoweza kuzidishiwa.

Dalili ya pili ya hatari ni maktaba. Kama usajili wako katika chuo cha nje unasimama wakati uko nyumbani, nywila ya kuingilia majarida yao husimama nayo. Uliza hilo mapema, na pakua unachohitaji ukiwa bado unacho.

Ya tatu ni sampuli. Mtafiti wa afya anayechukua damu Bagamoyo ili ikapimwe Ulaya anahitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), na mkataba wa uhamishaji wa sampuli kabla chupa moja haijavuka mpaka. Chuo cha nje nacho kina kamati yake ya maadili. Kibali kimoja hakifuti kingine, na kila kimoja kina kalenda yake. Ufadhili wa miezi 12 hausimami kusubiri kamati ikutane.

Na ya nne, ambayo huzua ugomvi mwishoni: sura ya tasnifu. Uswidi na Uholanzi zimezoea tasnifu iliyojengwa kwa makala kadhaa za kisayansi zilizounganishwa na utangulizi. Vyuo vyetu vingi vimezoea kitabu kimoja chenye sura. Chuo kinachotoa shahada ndicho chenye kauli. Mtafiti aliyesajiliwa nyumbani anayeandika kwa mtindo wa msimamizi wake wa Uswidi bila kusoma kanuni za chuo chake anaweza kulazimika kuivunja kazi yake na kuijenga upya.

Picha ya kupeana mikono

Vyuo hupenda kuchapisha picha ya makamu wakuu wawili wakipeana mikono, bendera ndogo mezani, hati imefunguliwa. Hiyo ni hati ya makubaliano, na kazi yake ni kusema kwamba vyuo hivyo vinataka kushirikiana. Haimpi mwanafunzi krediti wala cheti. Ili programu iwepo, lazima ufuate mkataba mahususi wa programu hiyo, na juu yake idhini ya mamlaka. Tanzania mamlaka hiyo ni TCU, Kenya ni Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE), Uganda ni Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Hizi ndizo zitakazokuja kutambua na kulinganisha shahada yako ukirudi, kwa hiyo ni busara kuziuliza kabla hujalipa senti. Mtanzania anayekwenda kusoma nje hutakiwa pia kupata kutoka TCU barua ya kutokuwa na pingamizi, na mwanafunzi wa programu pacha anayevuka asidhani kwamba amesamehewa kwa kuwa alianzia nyumbani.

Tawi la chuo cha nje ni jambo tofauti na haya yote. Chuo cha teknolojia cha India, IIT Madras, kilifungua kampasi Zanzibar mwaka 2023, na Carnegie Mellon ya Marekani ina kampasi Kigali. Huko hakuna chuo cha nyumbani kinachogawana mtaala. Ni chuo kilekile cha nje kikifundisha kwenye ardhi yetu na kutoa shahada yake.

Kutambuliwa na tume, hata hivyo, hakumalizi kila kitu kwa fani zenye bodi. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, daktari ana Baraza la Madaktari Tanganyika, na vyombo hivi hupima mafunzo yenyewe, siyo jina la chuo tu. Mwanafunzi aliyegawanya masomo ajiandae kuonyesha matokeo ya pande zote mbili. Hapo ndipo wengi hukwama: cheti cha nje wanacho, matokeo ya mwaka wa tatu wanayo, lakini matokeo ya miaka miwili ya nyumbani hawakuyachukua kwa sababu walijiona wamehama. Anayepitia faili anaona shahada ya miaka mitatu iliyosomwa kwa mwaka mmoja, na ana haki ya kuuliza. Omba matokeo yaliyogongwa muhuri siku unapoondoka chuo cha nyumbani, yaweke pamoja na barua ya kupokelewa inayotaja krediti ngapi zimehamishwa, na hifadhi kurasa za pasipoti zenye viza na mihuri ya kuingia na kutoka, kwa sababu unaweza kuombwa kuthibitisha muda uliokaa huko. Kwa shahada za Ulaya, omba pia kiambatisho cha shahada, waraka unaoeleza programu ilikuwaje, vyuo gani vilishiriki na krediti zilipatikana wapi. Waraka huo humjibia afisa maswali mengi kabla hajayauliza.

Limebaki swali ambalo watu huona aibu kuliuliza kwenye banda la maonesho: ushirikiano ukivunjika je? Huvunjika. Chuo cha nje hubadilisha uongozi, hufunga idara, au hukosa wanafunzi wa kutosha kutoka kwetu. Mkataba mzuri una kifungu kinachosema kwamba waliokwisha kusajiliwa watafundishwa hadi wahitimu, kwa masharti yaleyale, hata kama hakuna wapya watakaopokelewa. Aliyesajiliwa na chuo cha nje tangu mwanzo ana pa kusimamia, kwa kuwa ni mwanafunzi wao. Aliyesajiliwa nyumbani akingoja kuvuka hana dai kwa chuo cha nje zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye kifungu hicho, na kwake swali la maana ni kama chuo cha nyumbani kina idhini ya kumpa shahada yake chenyewe akikaa mwaka wa tatu hapohapo. Vyuo vingine vina idhini hiyo. Vingine vina idhini ya kufundisha hadi stashahada tu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili atatoka na stashahada mkononi kutafuta chuo kingine cha kumpokea. Namba ya idhini na kiwango kilichoidhinishwa huandikwa kwenye cheti cha ithibati cha chuo, na unayo haki ya kuomba ukisome kabla ya kulipa ada ya muhula wa kwanza.